Ngazi za ghorofa ya nne, nguo za Jumamosi na kalori ambazo mizani haizioni

"Mwalimu, nina umri wa miaka 44 na uzito wa kilo 78. Mwezi wa Januari nilihamia ghorofa ya nne hapa Kaptembwo, Nakuru, na jengo halina lifti. Napanda na kushuka mara tano kwa siku. Jumamosi nafua nguo kwa mikono kwa muda wa saa mbili, kisha napiga deki kwa dakika 45. Programu ya simu inasema siku hiyo nachoma kalori 1,058 kwa kazi hizo tatu. Sasa ni Mei na mizani haijasonga hata kidogo. Anayedanganya ni nani, programu au mizani?"

Hakuna anayedanganya, dada, ila programu imejibu swali tofauti na lile ulilokusudia kuuliza. Nashukuru kwamba uliponitumia picha ya skrini ulikubali pia kurudi kwenye ngazi na kuzipima kama nilivyokuomba, kwa sababu bila vipimo vile ningebaki kukisia. Ulihesabu vidato 72 kutoka chini hadi mlangoni pako, kila kimoja kikiwa na kimo cha sentimita 17. Kupanda kulikuchukua dakika 2 na sekunde 20, pamoja na kupumzika kidogo ghorofa ya pili, na kushuka kulikuchukua dakika 1.

Programu nyingi za aina hii hutumia kipimo kinachoitwa MET. MET 1 ni nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia tu, nayo imekadiriwa kuwa kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila saa. Kazi yenye MET 4 basi ni ile inayotumia nishati mara nne ya utulivu huo. Thamani za kazi mbalimbali hutoka katika jedwali kubwa lililoandaliwa na Barbara Ainsworth na wenzake, likachapishwa mara ya kwanza mwaka 1993 na kurekebishwa miaka ya 2000, 2011 na 2024. Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza:

```
kalori = MET × kilo × saa
```

Kalori ninazozitaja ni zile zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula kwa alama ya kcal.

Tuanze na ngazi, kwa kuwa ndiko kosa lilikokuwa kubwa kwa uwiano kuliko mahali pengine popote. Uliingiza "kupanda ngazi, dakika 20", na programu ikachukua thamani ya MET 8.8. Ukizidisha 8.8 kwa kilo 78 kwa theluthi moja ya saa, unapata kalori 229, na hivyo ndivyo skrini ilivyoonyesha. Dakika zako hazikuwa mbali na ukweli: safari tano za dakika 3 na sekunde 20 zinafika karibu dakika 17. Kosa limo katika ile 8.8, ambayo katika jedwali la 2011 ni ya mtu anayepanda kwa kasi. Jedwali hilo hilo linampa anayepanda polepole MET 4.0, na anayeshuka MET 3.5. Programu ilikuhesabia kana kwamba unakimbia kwenda juu kwa dakika zote 20, hata zile ulizokuwa ukishuka.

Njia ya kuligundua kosa la aina hii bila kalamu ni kujiuliza kama mwili ungeliweza. Kwa mtu mwenye umri wa makamo ambaye hafanyi mazoezi, MET 8.8 iko karibu na ukomo wa uwezo wake wote wa kutumia oksijeni. Kama kweli ungekuwa katika kiwango hicho kwa dakika kadhaa mfululizo, usingeweza kumjibu jirani anayekuamkua ngazini, sembuse kuendelea hadi dakika 20. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba hupumzika ghorofa ya pili. Mwili wako ulikuwa umeshaikataa ile 8.8 kabla yangu.

Sasa tuhesabu upya. Kupanda mara tano ni karibu dakika 11 na sekunde 40 kwa MET 4.0, nazo ni kalori 61. Kushuka mara tano ni dakika 5 kwa MET 3.5, nazo ni kalori 23. Jumla ni 84, na kwa kuwa vipimo vyenyewe havina usahihi wa kufikia tarakimu ya mwisho, tuseme 80. Ni karibu theluthi moja ya zile 229.

Huenda ukashuku kwamba nimechagua thamani ndogo ili nishinde hoja, kwa hiyo nitaupima mpando mmoja kwa njia nyingine isiyotegemea jedwali hata kidogo. Vidato 72 vya sentimita 17 vinakupandisha mita 12.24. Kuinua kilo 78 hadi kimo hicho kunahitaji kilojuli 9.4 hivi za kazi halisi, ambazo ni kalori 2.2 tu. Misuli hata hivyo haigeuzi chakula chote kuwa mwendo. Katika kupanda, kiasi cha humusi moja hadi robo ya nishati ndicho kinachoinua mwili, na kilichosalia hupotea kama joto, ndiyo maana unafika mlangoni ukiwa na jasho. Kwa hiyo mwili hulazimika kutumia kalori 9 hadi 11 ili kupata zile 2.2. Ongeza kalori 3 ambazo ungezitumia katika dakika hizo mbili na nukta hata ukiwa umekaa, unapata 12 hadi 14. Jedwali, kwa MET 4.0, linatoa 12. Njia mbili ambazo hazijuani zikikutana hivi, mtu anaweza kulala usingizi.

Kuna na kanuni ya tatu, nyepesi kuliko zote mbili, iliyotokana na vipimo vilivyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1997: mtu wa kilo 70 hutumia takriban kalori 0.15 kwa kila kidato anachopanda na 0.05 kwa kila kidato anachoshuka. Vidato vilivyotumika huko vilikuwa na kimo cha sentimita 20 hivi, virefu kidogo kuliko vyako. Kanuni hii naipendelea kwa ngazi kwa sababu inahesabu vidato badala ya dakika, na vidato havibadiliki ukisimama kutafuta funguo.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulikosea. Gharama ya kufika ghorofa ya nne inakaribia kuwa ile ile, uende mbio au uende pole. Anayekimbia hutumia nishati maradufu kwa dakika, lakini dakika zake ni nusu. Kuhema kwako mlangoni hakumaanishi kalori nyingi zaidi. Kunaonyesha tu kwamba umezitumia kwa haraka kuliko oksijeni ilivyoweza kufika. Katika mpando mfupi mapafu na moyo huchelewa. Misuli hukopa kwanza, na deni hulipwa ukiwa umeshaketi. Nyongeza nyingine ni kwamba Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mimi ninayeishi Kisumu, kando ya ziwa, nikija huko huhema ngazi za ghorofa ya pili kama mzee, ilhali kazi ya kuinua mwili wangu ni ile ile niliyoifanya nyumbani. Saa za mkononi zinazokadiria kalori kwa kufuata mapigo ya moyo hudanganyika kwa urahisi katika hali kama hizo.

Kuhusu nguo, thamani ya MET 4.0 ambayo programu imetumia ni sawa; jedwali linaitoa kwa kufua kwa mikono na kuanika, kwa nguvu za wastani. Kalori 624 zilipatikana kwa kuzidisha 4 kwa 78 kwa saa 2. Tatizo ni zile saa mbili. Nilikuuliza zilivyokwenda, ukaniambia kwa unyofu kwamba kuna kuloweka, kusubiri mtungi ujae, kubadilisha maji, kupokea simu ya mama, na kukaa kwenye kigoda ukichagua za rangi na nyeupe. Tulipozijumlisha dakika za kusugua, kukamua, kusuuza na kuanika zilikuwa 70. Hizo kwa MET 4.0 ni kalori 364. Dakika 50 zilizobaki nimezipa MET 1.5, yaani mtu aliyeketi akifanya kazi nyepesi, nazo ni kalori 97 hivi. Jumla ni 461.

Hata hiyo 461 naishuku kuwa kubwa kidogo, na sababu ni uzito wako. Kanuni ya MET huchukulia kwamba gharama hukua sambamba na kilo za mwili. Kwa ngazi hilo ni kweli, kwa maana unaubeba mwili wote kwenda juu. Kwa kufua ukiwa umeketi, mikono na mabega ndiyo yanayofanya kazi, na shuka lililojaa maji lina uzito ule ule kwa kila anayelikamua. Kwa kanuni hii, mwanamke wa kilo 60 angepewa kalori 280 kwa dakika zile zile 70, na wewe 364; mimi siamini kwamba unatumia kalori 84 zaidi yake kwa beseni moja. Kwa kazi za kuketi na za mikono, mtu mzito achukue jibu la kanuni kama dari, na mtu mwembamba sana alichukue kama sakafu.

Deki haina mengi. Dakika 45 kwa MET 3.5 ni kalori 205, na nimekubaliana na programu, kwa sababu ulisema unainama na tambara chumba hadi chumba bila kupumzika. Kama ungekuwa unasugua sakafu kwa magoti kwa nguvu zote, jedwali lingekupa MET 6.5, lakini hakuna anayesugua hivyo kwa dakika 45 nyumba nzima, na nakuomba usijaribiwe kuichagua.

Mpaka hapa 1,058 imeshuka hadi karibu 745. Lakini bado hatujafika kwenye kiini cha swali lako, kwa kuwa namba hizi zote zina kitu ndani yake ambacho si cha kazi. Ile MET 1 ya utulivu imo ndani ya kila thamani ya jedwali. Kama Jumamosi ile usingefua wala kupiga deki, mwili wako usingezima kama taa. Ungeendelea kupumua, kusukuma damu na kutunza joto lake. Anayetaka kujua kazi imeongeza nini sharti aitoe ile 1 kwanza:

```
nyongeza = (MET − 1) × kilo × saa
```

Kwa kufua unaondoa kalori 156 za zile saa mbili, na 461 inakuwa 305. Deki inakuwa 146 badala ya 205. Ngazi zinabaki na kalori 60 hivi kwa siku. Jumla ya nyongeza ya Jumamosi ni karibu 510, pungufu ya nusu ya kile ulichoonyeshwa. Angalia pia kwamba kazi nyepesi ndizo zinazopunguka zaidi kwa uwiano. Kuosha vyombo ukiwa umesimama kuna MET 1.8, ukiondoa 1, zaidi ya nusu ya kalori zake zimeondoka.

Msomaji makini ataniuliza kama kuondoa 1 kamili ni haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliopima watu 769, ulionyesha kwamba wastani wa matumizi yao wakiwa wametulia ulikuwa kalori 0.84 kwa kilo kwa saa, si 1, hasa kwa sababu mafuta ya mwili hutumia nishati kidogo kuliko misuli. Kwa hiyo ninapoondoa 1 naondoa kupita kiasi. Lakini kama usingefua usingekuwa umetulia kabisa. Ungekuwa unazunguka kidogo, unachambua mboga, unamfuata mtoto. Hilo nalo hugharimu zaidi kidogo ya utulivu. Makosa haya mawili yanavutana pande mbili, nami nimeyaacha yapambane yenyewe. Ila ukikuta programu inayokupa kalori hadi tarakimu ya mwisho, kumbuka kwamba kwa mtu mmoja mmoja jibu la MET linaweza kupotoka kwa humusi moja na zaidi, juu au chini.

Sasa mizani. Nilikuuliza swali moja kwa simu na nadhani uliliona halina maana: kabla ya Januari, nguo zilifuliwa na nani? Ukasema ni wewe, kwa miaka mingi, na deki vilevile, ulipokuwa nyumba ya chini. Hapo ndipo fumbo linapofunguka. Kilo 78 zako ndizo uzito ambao mwili ulifikia ukiwa tayari unafua na kupiga deki kila Jumamosi. Kalori 305 na 146 ni za kweli, lakini zimo katika hesabu ya kale. Mwili umeshazilipia kwa chakula unachokula kila wiki. Kilicho kipya tangu uhamie ni ngazi peke yake, kalori 60 kwa siku.

Kijiko kidogo cha sukari cha gramu 4 kina kalori 16. Vijiko vinne ni 64. Kama tangu uhamie umekuwa ukifika juu umechoka na kujipa kikombe kimoja zaidi cha chai chenye vijiko vitatu, na maziwa yakiwemo, ngazi zote za siku hiyo zimerudi mwilini kabla hujavua viatu. Sisemi ndivyo ulivyofanya. Nasema nafasi ni nyembamba kiasi hicho.

Tuchukue kwamba hukuongeza chochote. Kalori 60 kwa siku ni 420 kwa wiki, na kwa wiki 17 ni 7,140. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Ungekuwa umepungua chini kidogo ya kilo moja katika miezi minne, na mizani ya nyumbani hupanda na kushuka kilo moja ndani ya siku mbili kwa sababu ya maji, chumvi na siku za mwezi. Kilo hiyo ingeweza kuwa imeondoka na usiione. Kwa hiyo mizani haikudanganya. Ilikuwa inatazama kitu kidogo kuliko uwezo wake wa kuona.

Lakini liko jambo moja katika picha uliyonitumia linalonitia shaka kuliko ngazi zote. Chini ya ile 1,058 programu imeandika kwamba kiwango chako cha chakula cha siku kimeongezwa kwa kiasi hicho hicho. Kama Jumamosi hula kwa kuifuata, basi unakula kalori 1,058 kwa ajili ya nyongeza mpya ya 60, na unaongeza karibu 1,000 juu kila wiki. Hilo pekee linatosha kufuta faida ya ngazi za wiki nzima, 420, na kubakiza ziada. Ningeanza hapo: katika mipangilio ya programu yako, zima sehemu inayorudisha kalori za mazoezi kwenye chakula.

Uliuliza pia, katika ujumbe wa pili, kama kubeba mtungi wa lita 20 maji yanapokatika kunasaidia. Kunaongeza, na hesabu yake ni nyepesi: badala ya kilo 78 unainua 98, hivyo gharama ya kupanda inaongezeka kwa robo. Robo ya kalori 9 au 10 za mpando mmoja ni mbili na nusu hivi. Mgongo na goti vitalalamika kabla kalori hizo hazijafika mahali pa kuonekana, kwa hiyo beba maji kwa sababu unahitaji maji. Na ukitaka ngazi zenyewe zikuongezee kalori 200 kwa siku, kila safari ya kwenda na kurudi ikiwa na nyongeza ya 12, utahitaji safari 17. Kwa mtu anayepumzika ghorofa ya pili katika safari ya kwanza, huo ni mpango wa karatasini. Dakika 45 za kutembea kwa mwendo wa kawaida, kilomita 4.8 kwa saa, zina MET 3.5 kama deki, nazo zitakupa nyongeza ya 146 ambayo haikuwepo kabla ya Januari.

Ukiendelea kutumia programu, ingiza hivi: kupanda ngazi polepole dakika 12, kushuka dakika 5, kufua dakika 70. Deki iache ilivyo. Kisha jipime asubuhi, kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, na uniletee wastani wa kila wiki badala ya namba ya siku moja. Baada ya wiki sita za wastani huo nitaweza kukuambia kama zile kalori 1,000 za Jumamosi zimetoka sahanini.